Maneno Yaleyale kwenye Kila Linki

Aibu zangu nyingi nimezipata nikiwa nimekaa. Wenzangu waliaibika wakiwa safarini, kwenye ngoma, au mbele ya mahakama ya kadhi. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya shangazi yangu huko Galu, feni ikinipepea na kikombe cha chai ya tangawizi kikiwa karibu. Hata hii ninayoisimulia niliifanya bila ya kuvua ndara.

Shangazi alikuwa na nyumba nne za kupangisha wageni, zimeezekwa makuti, hatua chache kutoka mchangani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikaenda Mombasa wiki tatu kujifunza kompyuta, nikarudi nyumbani mbio kwa sababu Mombasa ina watu. Shangazi akanifanya mpokezi, karani, na mtu wa mtandao. Nilikuwa naingia ofisini asubuhi na sitoki mpaka magharibi. Wanawake wa jikoni walikuwa wakiniita mwali. "Mwambieni mwali chakula tayari," walikuwa wakisema, "na mumpelekee ndani, asije akaonwa na watu." Nilikuwa najifanya sisikii, lakini chakula nilikuwa nakila.

Mambo ya tovuti yalikuwa mageni kwetu miaka hiyo ya mwisho wa tisini. Simu ndiyo iliyokuwa ikitubeba hadi kwenye mtandao, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia kisha inakatika. Lakini wageni walikuwa wamepungua pwani yote ya kusini, na shangazi alikuwa amesikia kwamba Wazungu siku hizi wanatafuta pa kulala kwa kompyuta. Nikamtengenezea kurasa sita: vyumba, chakula, bei, njia ya kufika kutoka kivuko cha Likoni, mambo ya kufanya, na namna ya kutuandikia. Kila ukurasa ulikuwa na linki za kwenda kwenye kurasa nyingine, yaani yale maneno ya buluu yaliyopigwa mstari, ukiyabonyeza unapelekwa kwingine. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kawaida tu. Penye chakula paliandikwa chakula.

Aliyenitia wazimu ni karani wa ofisi ya wapiga mbizi ya jirani yetu, kijana wa bara, msomi wa magazeti ya kompyuta. Alikuja siku moja kuomba karatasi za printa akakaa juu ya meza yangu kama kwao.

"Buda, kuna mtambo mpya wa kutafuta," akaniambia. "Huu hausomi ukurasa wako peke yake. Unasoma yale maneno watu wanayoandika kwenye linki za kuja kwako. Msee akiandika 'hoteli ya mbwa' halafu linki ije kwako, mtambo unaamini wewe ni hoteli ya mbwa."

"Kwa hiyo wakiandika ninachotaka mimi?"

"Si ndiyo nakwambia. Lakini usizidishe. Watu hawaongei hivyo."

Ile sentensi yake ya mwisho sikuisikia. Au niliisikia, nikaiweka pamoja na ushauri wa kufanya mazoezi.

Nilikaa siku nzima nikitunga. Kurasa zetu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, lakini kwa lugha yetu yalikuwa haya: nyumba nafuu za ufukweni Diani. Galu ni jirani na Diani, na Diani ndilo jina wanalolijua wageni. Niliyatamka kwa sauti nikayapenda. Na hapo ndipo kichwa changu kilipofanya hesabu ya kipwani. Kwetu harusini, jamaa za upande mmoja hununua kanga za sare, wanawake thelathini wanaingia uwanjani na rangi moja, na kila anayetazama anajua hawa ni watu wa nani na wana nguvu kiasi gani. Nikaona linki nazo zikivaa sare, mtambo utajua tuna watu.

Basi nikazivalisha. Nilianza na za nyumbani. Linki ya vyumba nikaiandika nyumba nafuu za ufukweni Diani. Ya chakula, nyumba nafuu za ufukweni Diani. Ya njia ya kufika, hivyo hivyo. Hata linki ya kutuandikia barua nikaipa maneno hayo hayo. Ukurasa wa kwanza ulipokamilika ulikuwa na mistari mitano ya buluu iliyofanana kama vifaranga, na kila mmoja ulikuwa unakwenda kwake. Nikaegemea kiti nikajiona fundi.

Kisha nikatoka nje, kwa maana ya kompyuta, kwa sababu mimi mwenyewe sikutoka. Karani wa wapiga mbizi alikuwa amekwisha kuniahidi linki, nikampelekea maneno kwenye disketi ili asijisumbue kutunga. Mwalimu mmoja wa Kikoneni, mfuga nyuki, alikuwa na ukurasa wa asali niliomtengenezea mimi, nikaweka humo linki tatu. Nikazunguka kwenye madaftari ya wageni ya tovuti za watu nisiowajua, yale ambayo mtu huacha salamu, nikaacha salamu na sare yangu. Na nikaingia kwenye ukurasa wa kina mama wa Bodo.

Hawa kina mama lazima niwaeleze, kwa sababu aibu yenyewe ni yao. Walikuwa kikundi cha wanawake kumi na wawili waliojenga daraja la mbao ndani ya mikoko. Mgeni alikuwa anatembea juu yake akionyeshwa kaa na ndege, halafu anapikiwa wali wa nazi na kaa wa kupaka. Mwenyekiti wao alikuwa anamuuzia shangazi kaa kila Jumamosi, na siku moja aliniomba niwaweke na wao kwenye mtandao. Niliwatengenezea ukurasa mmoja mzuri, bure. Barua pepe zao zilikuwa zinaingia kwangu, nami nilikuwa nawasomea kwa simu ya duka kila Alhamisi. Waliniamini kama mtu anavyomwamini anayemsomea barua.

Na wageni wao karibu wote walikuwa wanatoka mahali pamoja. Huko ng'ambo kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na orodha yake kwenye mtandao ya vijiji vinavyopokea wageni. Hakuwa anaingiza mtu kwa mashine. Alikuwa anafungua kila ukurasa, anausoma, anaandika mistari miwili kwa mkono wake. Walimu wenzake na vilabu vya matembezi walikuwa wanaifuata orodha ile kupanga safari za Julai na Agosti. Bodo walikuwemo, nasi wa Galu tulikuwemo chini yao. Ilikuwa ndiyo riziki ya kina mama ya miezi hiyo.

Kwenye ukurasa wao nilipachika linki tano za kuja kwetu. Moja juu, moja chini, na tatu katikati ya maelezo. Palipoandikwa kwamba kaa hupikwa kwa nazi, mara nyumba nafuu za ufukweni Diani. Sikuwauliza. Nilijiambia ni ukurasa niliouandika mimi, na isitoshe hawausomi.

Kwa wiki kadhaa niliringa. Niliandika yale maneno kwenye mtambo mpya nasi tukatokea karibu na juu. Nilimwita shangazi aone. Akavaa miwani, akatazama, akauliza, "Na nani anayeyaandika maneno haya, ukiondoa wewe?" Nikamwambia dunia nzima. Akasema "Haya," akarudi jikoni.

Dalili ya kwanza ilikuja na mvua za Mei. Mzee mmoja na mkewe, wageni waliokuwa wameweka nafasi kwa barua, walipiga simu kutoka Likoni wameloa, hawajui waelekee wapi. Nilimwambia mkewe kwa adabu kwamba njia ya kufika imeandikwa kwenye tovuti. Akaniambia, kwa adabu vilevile, kwamba alibonyeza yale maneno mara nne akitafuta njia, akapata bei, akapata chakula, akapata bei tena, kisha simu ikakatika akalala. Nilicheka nikamtumia teksi. Usiku wakati wa kula nilikuwa bado nacheka, nikihadithia wanawake wa jikoni kuhusu Wazungu wasiojua kubonyeza. Mmoja wao akaniuliza, "Kwani hapo pa njia umeandika nini?" Nikabadilisha mazungumzo.

Barua ikaja Juni. Ilikuwa imeandikwa kwa kina mama wa Bodo, lakini ikaingia kwangu kama zote. Yule mwalimu mstaafu alikuwa amepitia orodha yake kabla ya msimu, na alikuwa amewatoa. Aliandika kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Alisema ukurasa wa Bodo umegeuka kibao cha tangazo la nyumba za mtu. Alisema amekuta maneno yaleyale, neno kwa neno, kwenye ukurasa wa asali, kwa wapiga mbizi, na kwenye madaftari ya wageni ya marafiki zake wawili. Halafu akaandika jambo ambalo mpaka leo naweza kulisema bila kutazama popote: watu wakielekeza mahali kwa hiari yao, kila mmoja husema kivyake, na wanaposema wote sawasawa, yeye anaona mkono mmoja. Kwa hiyo alikuwa ameamua kwamba kikundi cha wanawake wa Bodo hakipo. Kwamba ni kinyago kilichovalishwa na mwenye nyumba za Galu ili apate wageni. Na sisi pia alikuwa ametutoa.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikaifunga, nikaagiza chai.

Nilikaa nayo siku tisa. Alhamisi ya kwanza mwenyekiti alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna barua?"

"Wiki hii hakuna, mama. Labda mvua."

Kwa nini nilisema mvua sijui. Barua pepe hailoi. Naye akaniambia si neno, tutangoja, na kwamba wameshabadilisha mbao sita za daraja, wageni wa Julai wasije wakaanguka. Nilipoweka simu chini sikuweza kumtazama hata paka wa ofisini.

Alhamisi ya pili sikuingoja. Nilimwambia shangazi yote, asubuhi, akiwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Utakwenda kuwaambia leo," akasema, "kwa mdomo wako, na uchukue hiyo barua." Nikamwambia naweza kupiga simu. Akaacha kuchambua mchele, akanitazama, nami nikaenda kutafuta viatu.

Sikuwa nimefika Bodo tangu niwatengenezee ukurasa, na picha za ukurasa nililetewa. Niliwakuta saba kibandani kando ya mikoko wanasuka vikapu vya kuwekea kaa. Nilipiga hodi, nikasalimia kwanza walionizidi umri mmoja mmoja, nikapewa mkeka, nikaulizwa habari za shangazi, za mvua, za Galu. Mmoja akasema, "Leo mwali katolewa nje. Nani kamlipia mahari?" Wakacheka, na mimi nikacheka, na kicheko changu kilikuwa kirefu kuliko vyao kwa sababu nilijua kinachofuata.

Nikawaambia. Niliwasomea barua nikiifasiri. Nilipofika kwenye neno kinyago nikajaribu kuliruka. Mwenyekiti aliniona.

"Soma alivyosema."

"Amesema ninyi hampo, mama. Amesema ni mimi."

Alimalizia ukindu uliokuwa mkononi mwake. Kisha akasema, "Ule ukurasa wetu umekuja nao?"

Nilikuwa nimeuchapisha, shangazi ndiye aliyeniambia.

"Basi tusomee na huo. Wote. Na hayo ya buluu usiyaache."

Nikasoma. Karibuni Bodo. Sisi ni wanawake kumi na wawili. Nyumba nafuu za ufukweni Diani. Wakacheka sana hapo. Mmoja aliuliza Diani imehamia lini mikokoni. Nikasoma kuhusu daraja, nikafika tena, nyumba nafuu za ufukweni Diani. Wakacheka kidogo. Mara ya tatu alicheka mmoja tu. Mara ya nne, pale kwenye kaa na nazi, hakucheka mtu, na nikasikia jinsi maneno yale yalivyokuwa yakiingia katikati ya maneno yao kama mtu anayekatiza wakubwa wakizungumza. Ya tano niliisoma kwa sauti ya chini sana. Mwenyekiti akaniambia nirudie, hakusikia.

"Sasa niambie," akasema nilipomaliza. "Mgeni akiwa hapa akasema anataka pa kulala, mimi namwambiaje?"

"Sijui, mama."

"Hujui kwa sababu hukuniuliza. Namwambia aende kwa yule mama wa Galu anayenunua kaa wetu. Basi. Mara moja, wakati wa kuondoka. Simwambii wakati anakula."

Mwenzake akasema yeye anawaambia ni pale penye makuti mapya baada ya msikiti. Mwingine akasema yeye hawapeleki kwetu kabisa, anawapeleka Msambweni kwa dada yake, na kwamba nisikasirike. Sikukasirika. Nilikuwa naandika kwa kalamu nyuma ya karatasi. Kwa mara ya kwanza niliona kitu kilichokuwa rahisi kiasi cha kuudhi: kila mmoja alikuwa anaelekeza kulingana na alipo yeye na anachokijua. Na hakuna hata mmoja aliyesema neno nafuu.

"Na barua ya kumjibu," mwenyekiti akasema, "utaandika ni wewe. Usije ukaandika kwamba kosa limetokea. Kosa halitokei kama mvua."

Nilimtazama kuona kama anajua kuhusu ile mvua ya simu. Alikuwa anasuka.

Nilirudi Galu nikafungua kurasa zetu na kuanza kuvua sare. Kwenye njia ya kufika nikaandika njia ya kufika kutoka kivuko cha Likoni. Kwenye vyumba, nyumba nne na vitanda vyake. Kwenye chakula, tunachopika na saa tunazopika. Kazi niliyoitunga siku nzima niliibomoa kabla ya chai ya saa kumi, na nilipobonyeza linki ya njia ikanipeleka njiani, nikawakumbuka yule mzee na mkewe, walivyosimama kwenye mvua nami nikawacheka.

Ukurasa wa Bodo niliuachia linki moja, mwisho kabisa, kwa maneno ya mwenyekiti. Mwalimu wa Kikoneni nilimwomba radhi nikamwambia aandike apendavyo au afute. Akaweka jina la nyumba zetu tu, tupu, bila pambo. Karani wa wapiga mbizi alikuwa ameshaifuta ile ya disketi.

"Nilikwambia usizidishe," akasema.

"Ulinong'ona."

"Nilisema kwa sauti, buda, ulikuwa unaota." Akaandika yake mbele yangu: majirani zetu wenye chai nzuri na mpokezi anayeogopa maji. Nilitaka kumwambia maneno hayo hayatatufaa kitu kwenye mtambo. Wenye madaftari ya wageni niliwaandikia mmoja mmoja wazifute salamu zangu. Wachache walizifuta. Nyingine, nadhani, zilibaki huko mpaka madaftari yenyewe yalipokufa, kila moja na sare yake.

Mitambo ilitufanya nini sijui, kama ilitushusha au haikutujali. Ninachojua ni mtu mmoja aliyesoma kwa macho yake alivyotuona, na hilo lilinitosha.

Barua ya kukiri niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi kuhusu ugeni wa mtandao pwani. Ya nne ilikuwa fupi: maneno yale niliyaandika mimi, kwenye tovuti zote, bila ya kuwauliza wenyewe; wanawake wa Bodo wapo, ni kumi na wawili, na hawakujua. Nilimsomea mwenyekiti kwa simu. Alisema sawa.

Jibu lilikuja katikati ya Julai, na halikuandikwa kwangu. Lilianza kwa salamu kwa kina mama. Yule mwalimu alisema ameusoma ukurasa upya na ameona ile linki moja inayomtaja mama anayenunua kaa, na kwamba hilo ni jambo ambalo mwenye nyumba hangelitunga. Amewarudisha. Lakini vilabu vilikuwa vimeshachukua orodha ya Juni wakapanga safari zao, kwa hiyo mwaka huo hawezi kuwaahidi wageni. Kuhusu nyumba za Galu hakusema lolote, wala hakuturudisha. Shangazi hakuuliza.

Julai walikwenda Bodo wageni wawili, Agosti hakwenda mtu. Mbao sita mpya zilikaa bila ya kukanyagwa. Kaa wakawa wengi, shangazi akanunua mara mbili kwa wiki, nasi tukala kaa mpaka wanawake wa jikoni wakaanza kulalamika. Mimi sikulalamika. Nilikuwa nakula taratibu, nikijua kila kaa alikuwa wa mgeni ambaye hakuja.

Mwisho wa Agosti mwenyekiti alikuja mwenyewe Galu na kapu lake. Baada ya salamu akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, mimi nikasimama.

"Mwanangu, usione vibaya," akasema. "Tumekubaliana barua zetu ziingie kwa yule kijana wa wapiga mbizi. Neno la siri liandike, nitampelekea."

"Sawa, mama."

"Si kwamba tumekasirika."

"Najua, mama."

Tulijua sote wawili kwamba haikuwa kweli kabisa, na alikuwa na adabu ya kutokusema zaidi. Nikaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja. Alipokipokea hakusimama. Akasema maadamu yuko hapa, na mashine imewaka, kuna barua moja ya shukrani anataka kumpelekea yule mwalimu, na mimi ndiye ninayejua Kiingereza.

Alianza kusema na mimi nikaanza kuandika. Alisema wanamshukuru kwa kuwasoma mara ya pili. Alisema mikoko inatoa maua. Kisha akasema, na kaa mwaka huu ni wakubwa, akafikiri, akasema tena, na kaa mwaka huu ni wakubwa. Vidole vyangu vilitaka kuiboresha, vilitaka kuiondoa ile ya pili na kutia kijineno kitamu kuhusu Bodo.

"Umeandika?" akauliza.

Nikaandika mara mbili, alivyosema, nikamsomea.